"Nina intavyuu naomba unisaidie kujiandaa", kazi haijatajwa

Meseji huwa zinakuja hivyo hivyo. "Habari kaka, nina intavyuu wiki ijayo naomba unisaidie kujiandaa." Basi, imeisha hapo. Kazi gani haisemwi, kampuni haisemwi, kama ndo mara ya kwanza kuitwa au ni ya mwisho kabla ya kupewa mkataba hujui, na saa nyingine anayeandika mwenyewe simjui vizuri, kapewa namba na mtu aliyesikia kwamba kazini kwetu huwa naitwa kukaa kwenye paneli ya kusaili watu. Ukimuuliza kazi yenyewe ni ipi anakwambia "we nipe tu vitu vya jumla kaka, vitanisaidia".

Sasa vitu vya jumla vyenyewe ni vipi? Fika mapema, vaa vizuri, jiamini, zima simu. Hivyo anavijua tayari, na niwe mkweli, sijawahi kukaa kwenye paneli tukabishana kuhusu tai ya mtu. Tunachobishania watu wakishatoka ni kingine kabisa: huyu amesema amefanya kazi ya stoo, mbona nilipomuuliza akikuta mzigo pungufu anafanyaje akaanza kuongelea uaminifu? Mwingine anasema labda alikuwa na woga. Mwingine anasema hapana huyu hajawahi kupokea mzigo. Hapo ndo mtu anapata au anakosa, na hicho huwezi kumwandaa kama hujui anaenda kuombea nini.

Kwa hiyo siku hizi kabla sijasema chochote narudisha maswali. Tangazo liko wapi, nani kakuita na kwa njia gani, ni hatua ya ngapi, halafu nitumie ile sivii uliyotuma kwao, sio ile mpya uliyoirekebisha jana usiku. Hilo la mwisho watu wanalichukulia poa lakini paneli inakuwa na karatasi uliyotuma mwezi uliopita, wanakuuliza kutoka humo, na wewe unajibu kutoka kwenye nyingine, mnaonekana kama watu wawili tofauti.

Nieleze ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, maana yeye alinijia akiwa hajui chochote kabisa na ndo kesi nzuri ya kuonyesha jinsi inavyokwenda.

Yeye ana diploma ya ununuzi na ugavi, alikuwa amemaliza chuo, hana ajira ila ana fildi aliyofanya kwenye stoo ya dawa ya hospitali ya wilaya. Ananipigia jioni, "shemeji shikamoo, nimeitwa intavyuu Alhamisi saa tatu". Nikamwambia hongera, wapi? Kimya. Akasema kuna dada alipiga, akataja jina la kampuni lakini yeye alikuwa kwenye daladala, makelele, akasikia tu "Vingunguti" na "Alhamisi saa tatu", akasema sawa asante, simu ikakatwa. Ya kazi gani? "Shemeji nimeomba nyingi sana, zingine nilitumiwa kwenye grupu la wasapu nikatuma tu."

Msimcheke, hii iko kwa wengi. Mtu anayetafuta kazi anatuma maombi kila siku, matangazo yanakuja kama picha kwenye magrupu, picha zenyewe zinafutika, siku ya kuitwa hakumbuki alisema nini kwa nani.

Tulianzia kwenye imeili. Maombi karibu yote aliyotuma yalikuwa na kiambatanisho, kwa hiyo kwenye Gmail ya simu yake, kile kisanduku cha kutafutia juu kabisa, tukaandika hivi:

```
in:sent has:attachment newer_than:2m
```

Maana yake nionyeshe nilizotuma mimi, zenye kiambatanisho, ndani ya miezi miwili iliyopita. Zikaja zote kwa mpangilio. Tukapita moja moja tukitafuta zipi ni za Dar, zipi za stoo au manunuzi, tukabaki na mbili zinazoweza kuwa na ofisi Vingunguti, na moja wapo alikuwa ameituma pamoja na picha ya tangazo lenyewe (alikosea akaambatanisha na tangazo, hiyo ikawa bahati yetu). Kuanzia siku ile nimemwambia kila akituma maombi ajitumie mwenyewe tangazo na sivii ileile kwa imeili moja, kichwa cha habari aandike jina la kampuni na nafasi. Kazi ya dakika moja.

Halafu nikamwambia piga ile namba. Akagoma. Anaogopa wakijua hajui wataona hayuko siriasi. Hapa nilimwambia kutoka upande wangu wa meza: mtu anayepiga kuita wasailiwa ana orodha mbele yake, anapiga simu kumi mfululizo, wewe ukipiga kuthibitisha anakujibu na anakusahau, kwenye paneli hafiki kusema fulani alipiga kuuliza. Anayekumbukwa ni yule asiyetokea au anayefika jengo lingine. Kama unaona aibu kupiga, tuma meseji, na tuliiandika hivi: "Habari za asubuhi. Naitwa fulani, jana nilipigiwa kuhusu usaili wa Alhamisi saa tatu. Naomba kuthibitisha jina la kampuni, nafasi ninayosailiwa na ofisi ilipo. Pia naomba kujua kama kutakuwa na mtihani wa kuandika au wa vitendo, na nyaraka gani nije nazo. Asante."

Jibu lilikuja asubuhi ile ile. Msambazaji wa bidhaa za usafi na za nyumbani, nafasi ya msaidizi wa stoo, kutakuwa na mahojiano na "zoezi fupi", aje na vyeti halisi na kitambulisho. Meseji moja imetoa robo tatu ya giza.

Kuna faida nyingine ya kuuliza, inakuonyesha kama hiyo intavyuu ipo kweli. Hapa mjini kuna hizi za kuitwa kwenye ukumbi ghorofani, mnafika watu hamsini wote mna bahasha, anasimama mtu wa suti anaanza kuongelea ndoto zako na mwisho wake unatakiwa ununue bidhaa ndo uwe "mfanyakazi". Hao ukiwauliza jina la kampuni na nafasi wanakwambia "utaelezwa ukifika". Na wengine wanataka hela ya fomu, ya sare, ya kupima afya, itumwe kwa simu kabla ya Alhamisi. Mwajiri anayekuhitaji anajua kwa nini amekuita na anaweza kukuambia kwa sentensi moja, na hakudai nauli ya kwenda kumfanyia kazi.

Sasa kabla jibu halijaja tulikuwa na jioni nzima hatujui kazi, na hapa ndo nataka kukaa kidogo, kwa sababu wapo ambao hawatapata jibu kabisa. Ukiwa hujui kazi, kitu pekee unachokijua kwa uhakika ni maisha yako mwenyewe, na paneli yoyote ile, ya benki, ya shule, ya kiwanda, itakuuliza kutoka kwenye karatasi yako. Kwa hiyo tulichukua sivii yake tukaisoma mstari kwa mstari, na kila mstari nikawa namuuliza nionyeshe.

Mstari wa fildi ulikuwa umeandikwa "kusaidia shughuli mbalimbali za stoo". Nikamwambia haya, mimi ni paneli, tueleze ulifanya nini. Akajibu kama walivyojibu wengi niliowasikia: "Tulikuwa tunapokea dawa, tunapanga, tunatoa, na nilijifunza kufanya kazi kwa ushirikiano na kwa kujituma." Hakuna kosa hapo ila hakuna kitu pia. Kila mtu aliyepita stoo anaweza kusema hayo, hata ambaye hakupita.

Nikamuuliza, kuna siku yoyote kitu hakikwenda sawa ukawa wewe ndo uligundua? Akafikiri sana. Halafu akasema kuna siku ya kuhesabu mali, kwenye glavu, bini kadi, ile kadi ya kuandika kinachoingia na kutoka, inasema maboksi 48, yeye kahesabu 41. Ehe, endelea. Akahesabu tena, 41. Akaangalia mara ya mwisho kadi imeandikwa lini, akaona siku tatu zilizopita. Akaenda wodini kuuliza nani alichukua glavu siku hizo, wodi ya wazazi wakasema walichukua maboksi saba usiku stoo ikiwa imefungwa, muuguzi wa zamu alifunguliwa na mlinzi, na fomu ya kuombea vitu aliijaza kabisa ila ilibaki kwenye droo yake. Akaomba ile fomu, akampelekea msimamizi wake, msimamizi akaidhinisha, kadi ikasawazishwa. Halafu akapendekeza pale penye ufunguo wa usiku kuwe na daftari, anayechukua aandike kitu, idadi, wodi na jina, asubuhi stoo inapita nalo kwanza kabla ya kufungua.

Nikamwambia una kisa kizuri hivi halafu umeandika "shughuli mbalimbali"? Akacheka, akasema aliona ni kitu kidogo.

Tukakifanyia kazi kisa hicho hicho mpaka akaweza kukisema kwa kama dakika moja na nusu. Nilichomkazania ni vitu viwili tu. Cha kwanza aache "tulifanya", aseme "nilihesabu, niliangalia, nilienda wodini", maana paneli haimwajiri na wenzake wa fildi, na pale ambapo aliyefanya ni msimamizi aseme ni msimamizi, kama ile idhini, hilo nalo linaonyesha anajua mipaka yake. Cha pili namba zibaki, 48, 41, saba, siku tatu. Kisa chenye namba kinaulizika, na ukiulizwa unajibu kwa sababu ulikuwepo. Anayetunga huwa anaanguka kwenye swali la pili, "uliiona wapi hiyo fomu?", anaanza kuzunguka. Nimeona hivyo mara nyingi mpaka huwa namwonea huruma mtu kabla hajafika huko.

Uzuri wa kisa kama hicho ni kwamba kinajibu maswali mengi yanayokuja na majina tofauti. Tatizo ulilowahi kutatua, hicho. Ulishawahi kutofautiana na mwenzako kazini, hicho hicho, ila sasa unakaa zaidi pale alipoenda wodini bila kumshutumu mtu wizi. Umejifunza nini fildi, hicho, unakaa kwenye daftari la ufunguo. Tulitafuta visa vitatu vya namna hiyo kwenye sivii yake nzima, kimoja cha stoo, kimoja cha kikundi cha akina dada cha kuweka na kukopa ambacho yeye ndo katibu, kimoja cha chuoni. Tungeweza kutafuta kumi lakini mtu akiwa na woga hakumbuki kumi. Na vyote aliviandika kwa maneno machache tu, sio insha, maana akikariri sentensi akasahau neno moja anakwama kabisa na kila mtu anaona anasoma kichwani.

Ule mwanzo wa "tueleze kuhusu wewe" tulimaliza haraka. Dakika moja na nusu hivi, sasa hivi uko wapi kitaaluma, umegusa kazi gani inayohusiana, na kwa nini umekaa mbele yao. Kwamba ni mtoto wa tatu katika familia ya watoto watano na anapenda kusikiliza nyimbo za injili hakuna aliyeuliza.

Jibu lilipokuja tukajua ndo lile tangazo la kwenye imeili, kazi ikabadilika. Tangazo la kazi ukilisoma vizuri ni karatasi ya maswali iliyovuja, ila limeandikwa kama majukumu. Unachukua kila jukumu unaligeuza liwe swali mara mbili, umewahi, na ingekuwa hivi ungefanyaje. Lake lilikuwa na "kupokea na kuhakiki mali", "kutunza kumbukumbu za stoo", "kupakia mzigo wa wateja" na "kuripoti mali zilizoharibika au kukaribia kuisha muda". Kwenye jukumu la kwanza nikamwekea hali hii: gari limekuja, dilivari noti inasema katoni 200 za sabuni, wewe umehesabu 196, dereva ana haraka anakwambia saini tu zingine zinakuja na gari la kesho. Unafanyaje?

Jibu lake la kwanza lilikuwa "siwezi kusaini, nitampigia bosi". Sio baya, ila linaiacha kazi kwa bosi na gari limeziba geti. Tukalijenga. Anahesabu tena mbele ya dereva. Kama bado 196, anaandika kwenye nakala zote mbili za dilivari noti, ya kwao na ya dereva, kwamba zimepokelewa 196, pungufu 4, dereva anasaini hapo hapo. Kwenye leja na kadi anaingiza 196, haingizi 200 hata kama ameahidiwa nini, hizo nne zikija kesho zitaingia kesho na karatasi zake. Halafu anamtaarifu msimamizi na wa manunuzi siku hiyo hiyo kwa maandishi, ili invoisi ikija ya 200 wahasibu wasilipe kitu ambacho hakipo. Akishasema hivyo, hata mtu ambaye hajawahi kuajiriwa anaonekana anajua karatasi moja inakwenda kugusa wapi.

Kwenye kuisha muda nako alikuwa na silaha ambayo hakujua anayo. Stoo ya dawa wamemfundisha kinachoisha muda mapema ndicho kinatoka mapema, hata kama kimefika jana. Stoo nyingi za bidhaa za kawaida wanaenda kwa kilichotangulia kuingia. Nikamwambia wakikuuliza kwa nini mtu wa dawa aje kwenye sabuni, mweleze tofauti hiyo, wao wenyewe wana bidhaa zenye tarehe.

Hatua na umri wa kazi navyo vinabadilisha kila kitu, ndo maana nauliza. Binamu yangu aliwahi kuniomba hayo hayo, "nisaidie na intavyuu", yeye ana miaka mingi kazini anaenda kuombea umeneja na tayari alishapita raundi ya kwanza. Ningempa mazoezi ya shemeji ningemharibia. Shida yake yeye ilikuwa ni wingi, ukimwambia jieleze anaanzia ajira yake ya kwanza na kila bosi aliyepita. Kwake tulikata tu, tukabaki na watu wangapi aliowasimamia, bajeti aliyoishika, uamuzi mmoja mgumu, na kwa nini anaondoka alipo bila kumsema vibaya mwajiri wake. Raundi ya pili hawakuulizi tena kama unaweza kazi, wanaangalia kama wanaweza kukaa na wewe.

Na kama aliyekuuliza anaenda serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira, huko ni dunia nyingine na usimfundishe kujieleza kwanza. Kuna usaili wa mchujo, huo ni mtihani wa kuandika, usipovuka mahojiano huyaoni. Kada zingine kama madereva wana vitendo. Kwa hiyo anayeitwa mchujo akafungue madaftari ya fani yake. Halafu asome lile tangazo la kuitwa kwenye usaili mpaka mwisho, sio kutafuta jina lake tu na kufunga faili, maana masharti yako pale: kitambulisho, vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na kuendelea. Matokeo ya muda, stetimenti ya matokeo au hati ya matokeo ya kidato cha nne au sita hawapokei badala ya cheti. Majina yakitofautiana kati ya cheti na kitambulisho uje na didi poli, ile hati ya kisheria ya majina. Kada zenye bodi waje na vyeti vya usajili. Nauli na malazi ni juu yako. Watu wanasafiri kutoka Kigoma usiku kucha wanarudishwa mlangoni kwa sababu ya cheti, na hakuna maandalizi ya maswali yanayoweza kumsaidia mtu huyo.

Kitu kimoja nilichokuwa na uhakika watamuuliza, hata kabla sijajua kazi, ni mshahara. Nikamuuliza unataka kiasi gani? "Laki tano." Laki tano ya mkononi au ya kwenye mkataba? Hajui tofauti yake inafika wapi. Tukakaa na kikokotoo. Kwenye sekta binafsi mfanyakazi kwa kawaida anakatwa asilimia 10 ya NSSF, mwajiri anaongeza 10 yake. Kinachobaki ndo kinapigwa kodi ya mshahara: 270,000 ya kwanza haina kodi, kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, kutoka 520,000 mpaka 760,000 ni asilimia 20, na juu yake inaendelea kupanda. Sasa akikubali 500,000 ya mkataba, NSSF inakula 50,000, inabaki 450,000, kodi ni asilimia 8 ya 180,000 ambayo ni 14,400, mkononi anapata 435,600. Akitaka laki tano iingie mfukoni basi anaongelea 600,000 hivi: NSSF 60,000, inabaki 540,000, kodi 20,000 ya lile fungu la kwanza na 4,000 ya lile la pili, anaondoka na 516,000. Na hapo yeye hana mkopo wa elimu ya juu, mwenye mkopo bodi inachukua asilimia 15 nyingine, kwenye hiyo 600,000 ni 90,000 imeondoka, unabaki na 426,000.

Kwa hiyo tulikubaliana asiseme "laki tano" tu hewani. Aseme, "natarajia kama laki sita kabla ya makato, ila niko tayari kusikia mlivyopanga kwa nafasi hii na kama kuna nauli au chakula". Kutoka Mbagala mpaka Vingunguti kila siku nauli sio kitu cha kupuuza, kampuni inayotoa basi la wafanyakazi inaweza kukufaa kuliko yenye mshahara mkubwa na wewe hujui.

Jumatano usiku tulifanya mazoezi mara ya mwisho, mke wangu akiwa paneli, na huyo ni mkali kuliko mimi. Alimuuliza "kwa nini tukuchukue wewe?" shemeji akaanza "mimi ni mchapakazi", mke wangu akamkata, "kila mtu anasema hivyo, niambie kitu". Akatulia, akarudi kwenye maboksi ya glavu. Sawa, wakaendelea.

Alhamisi walikuwa watu wanne wanasailiwa. Zoezi fupi lilikuwa karatasi yenye mizigo iliyoingia na kutoka ndani ya wiki, wanaambiwa wajaze kadi na waseme salio la mwisho, halafu wakapewa hesabu ya mkono isiyolingana na salio wakaulizwa wangeanzia wapi. Hilo alilimaliza kwa raha. Mahojiano walimuuliza habari ya dereva mwenye haraka karibu kama tulivyofanya, ila kwao dereva alikuwa ni ndugu wa mwenye kampuni, hilo hatukuliwaza. Alisema angeandika vile vile alichohesabu, na kama kuna wa kumsamehe ndugu basi ni bosi, sio kadi. Swali lililomkwamisha ni la kompyuta, walitaja programu ya stoo wanayotumia, hajawahi kuiona. Akasema hajaitumia, amezoea kadi na Ekseli, akauliza wao kadi wanaingiza kwenye mfumo saa ngapi, mwisho wa siku au kila mzigo ukitoka. Mmoja wa paneli akaanza kumweleza, wakaongea hapo dakika kadhaa.

Nilikuwa nimemwambia akitoka asipande daladala kwanza, akae mahali aandike maswali yote aliyoulizwa jinsi yalivyoulizwa, kabla hajaanza kuyapamba kichwani. Aliandika kwenye simu, kumi na kitu, akanitumia. Pale walimpa mkataba wa majaribio wa miezi mitatu kwa 550,000 na chakula cha mchana. Yale maswali yake bado ninayo, nikayatoa jina la kampuni, na juzi kijana mwingine alipoandika "kaka nina intavyuu" nikamrudishia maswali yangu ya kawaida, akajibu ni stoo, ya kiwanda cha plastiki, nikamtumia kama yalivyo aanze nayo wakati anatafuta tangazo lake.